Mzazi analalamika mtoto hapewi dakika za kutosha: maswali ambayo makocha wa watoto wanauliza kila siku

Haya ni maswali ambayo makocha wa timu za watoto huulizana kila msimu ukianza kuchanganya, yani ile mechi ya tatu au ya nne hivi wazazi wanapoanza kuhesabu. Hapa tunazungumzia mpira wa miguu wa watoto wa chini ya miaka 12, saba kwa saba, mechi ya vipindi viwili vya dakika 25. Kama timu yako ina idadi nyingine badilisha namba tu, hesabu inafanyika vile vile. Vijana wakubwa wana swali lao huko chini.

## Kabla hujajibu

Mzazi kanijia juu pale pale uwanjani baada ya filimbi ya mwisho. Nimjibu saa hiyo hiyo?

Hapana, ila usimkwepe pia. Mzazi ambaye kocha kampa mgongo mbele ya watu hasahau, na mtoto wake kasimama pembeni anaona kila kitu. Mwambie sentensi moja tu: "Nimekusikia mama, naomba niangalie daftari la dakika halafu kesho jioni nikupigie tuongee vizuri." Basi. Usianze kueleza kwanini leo aliingia dakika ya 40, maana hapo wewe mwenyewe hukumbuki vizuri, yeye ana hasira, na chochote utakachosema kitanukuliwa wiki nzima.

Makocha wengi wana utaratibu wa saa 24, kwamba mambo ya dakika na namba hayajadiliwi mpaka siku moja ipite tangu mechi iishe. Ni utaratibu mzuri lakini unafanya kazi pale tu ambapo uliwaambia wazazi mwanzoni mwa msimu. Ukiutaja kwa mara ya kwanza mzazi akiwa tayari amekasirika, atasikia "nyamaza".

Kaandika kwenye grupu la wazazi wote, na wengine wameanza kuunga mkono. Nijibu huko huko?

Kwenye grupu andika kwamba umeuona ujumbe na utamtafuta mzazi mwenyewe leo, usiongeze neno. Dakika za mtoto mmoja ni habari ya mtoto huyo na mzazi wake. Ukianza kumtetea au kumkosoa pale, wazazi wengine ishirini wanasoma habari za mtoto asiyekuwa wao, na kesho watoto wao wanazibeba mazoezini.

Lakini kama wazazi watatu au wanne wanaandika lalamiko hilo hilo, hilo sio suala la mtoto mmoja tena. Hapo waite wazazi wote, waonyeshe jinsi dakika zinavyogawanywa kwenye timu (angalia swali la fungu la haki hapa chini), ila bila kutaja mtoto yeyote.

Nina siku ngapi za kujibu?

Siku hiyo hiyo mjulishe kwamba umepata ujumbe. Jibu lenyewe litoke kabla ya mechi inayofuata. Likichelewa mpaka mechi nyingine ichezwe na mtoto akasugua benchi tena, hata ukiwa na hesabu safi kiasi gani mzazi ataona ulikuwa unamzungusha.

## Hesabu ya dakika

Fungu la haki la mtoto mmoja ni dakika ngapi hasa?

Hili ndilo swali la kwanza kujiuliza, na cha kushangaza makocha wengi hawajawahi kulifanyia hesabu, ndo maana wanajibu kwa hisia na mzazi naye analalamika kwa hisia.

Chukua timu ya watoto 12. Mechi ni dakika 50. Kipa mmoja anakaa golini mechi nzima, kwa hiyo uwanjani zinabaki nafasi 6 za kugombewa na watoto 11. Nafasi 6 mara dakika 50 ni dakika 300. Gawa kwa watoto 11 unapata kama dakika 27 kwa kila mmoja.

Angalia hiyo namba vizuri. Ukigawa kwa usawa kabisa, bila upendeleo hata kidogo, kila mtoto anacheza nusu ya mechi na kidogo, muda unaobaki yuko nje. Mzazi anayemuona mwanae benchi kwa dakika 23 anaona mtoto kaonewa, kumbe hilo ndilo fungu lake halali. Na kocha ambaye hajui hii namba hawezi kumweleza. Ukishaifahamu mazungumzo yote yanabadilika, hamuulizani tena kama mtoto alikaa benchi, maana kila mtoto anakaa, mnaulizana kama alipata 27 zake au hakupata.

Na ndo hapo pia utaona kwanini kusajili watoto 16 kwa timu ya saba kwa saba ni kujitafutia malalamiko. Dakika 300 ukizigawa kwa watoto 15 zinabaki 20 kwa kila mmoja. Hakuna ufundi wa kubadilisha wachezaji utakaozigeuza ziwe nyingi, hapo dawa ni kutafuta mechi ya pili au kugawa timu mbili.

Sijawahi kuandika dakika. Naanzaje?

Usitegemee kichwa chako. Kocha akiwa kwenye mechi anakumbuka mabao na makosa, hakumbuki nani aliingia lini, na watoto watulivu ndo wanasahaulika zaidi kwasababu hawaji kukuvuta jezi wakisema "kocha niingize".

Chukua karatasi, andika namba za jezi kwa wima, mbele ya kila namba acha nafasi ya "kaingia" na "katoka". Mpe msaidizi au mtoto mmoja majeruhi ambaye amekuja kuangalia, akiwa na saa. Kila mabadiliko anaandika dakika. Mechi ikiisha unajumlisha, ni kazi ya dakika kumi hivi. Andika na namba aliyocheza, beki, winga, chochote, na kama alianza au aliingia baadaye, utavihitaji.

Kama lalamiko limeshakuja na huna rekodi yoyote, usitunge. Mwambie mzazi ukweli kwamba mechi zilizopita hazikuandikwa, kwamba kuanzia mechi ijayo zitaandikwa, na baada ya mechi tatu utakaa naye mkiwa na karatasi mkononi. Afu timiza.

Mzazi ana hesabu yake na haifanani na yangu. Nani yuko sahihi?

Mara nyingi anayeandika. Mzazi akisema "dakika tano" anamaanisha "kidogo mno", usimshike kwenye hiyo tano. Ukimwambia "sio tano mama, ni nane" umeshinda ubishi wa dakika tatu na umepoteza mazungumzo yote, maana nane kati ya 50 bado ni kidogo. Mpe namba yako ya mechi zote kwa pamoja halafu useme wewe unaionaje.

Dakika zake ziko sawa kabisa lakini mzazi bado hajaridhika. Tatizo liko wapi?

Angalia ni dakika za namna gani. Kuna mtoto ana dakika 25 kila mechi lakini hajawahi kuanza hata mara moja, au anaingizwa siku zote mnaposhinda kwa mabao manne, au anasimamishwa winga ya upande ambao mpira hauendi. Jumla yake iko sawa lakini mtoto anajua kabisa anachukuliwaje, na mzazi anajua pia ila anashindwa kulisema, kwa hiyo analisema kama lalamiko la dakika.

Kwa hiyo karatasi yako isome mara mbili. Mara ya kwanza jumla. Mara ya pili: alianza mara ngapi, aliingia matokeo yakiwaje, alicheza namba ngapi tofauti. Mtoto wa umri huu ambaye kwa nusu msimu hajawahi kuanza ana lalamiko la haki hata kama dakika zimetimia.

## Kuandika jibu

Jibu zuri lina vitu gani?

Vinne, na sio lazima liwe refu. Kwanza unaonyesha umeelewa analolalamikia, kwa maneno yake. Pili unampa namba za mtoto wake na fungu la haki, zikae pamoja ili azilinganishe mwenyewe. Tatu unasema sababu, kama ipo. Nne unasema nini kitafanyika, kuanzia mechi ipi, na lini mtaangalia tena.

Jibu linaloanza na maelezo ya falsafa yako ya ukocha, jinsi unavyowapenda watoto wote, jinsi ulivyojitolea, halina faida hapa. Mzazi kauliza habari ya dakika.

Kuhusu simu au meseji: piga kwanza, ongea, halafu tuma meseji fupi yenye zile namba na mlichokubaliana. Sauti inatuliza, maandishi yanabaki. Ukituma meseji peke yake mzazi anaweza kuisoma kwa ukali ambao hukuuweka.

Nionyeshe mfano kamili, mwanzo mpaka mwisho.

Sawa. Tuseme mtoto anavaa jezi namba 14, timu ni ile ya watoto 12, wamecheza mechi nne na hajakosa hata moja. Mama yake kaandika: "Kocha mwanangu anacheza dakika tano tu kila mechi, analia tukirudi nyumbani, kama hamumtaki semeni."

Kocha anafungua daftari. Mechi ya kwanza namba 14 alicheza dakika 25. Ya pili aliingia dakika ya 38, akapata 12. Ya tatu aliingia ya 37, akapata 13. Ya nne aliingia ya 42, akapata 8. Jumla 58. Fungu la haki la mechi nne ni kama 109. Yani mtoto kapata nusu tu ya anachostahili, pungufu la dakika 51.

Hizo dakika tano za mama sio kweli, lakini lalamiko lake ni la kweli, na hicho ndo kitu cha kushika. Angalia tena mpangilio: mechi ya kwanza iko sawa, halafu tatu mfululizo anaingia mwishoni kabisa. Kocha akijiuliza nini kilibadilika anaona mechi zile tatu zilikuwa za bao moja moja, kila alipotaka kumuingiza aliogopa kuharibu, akasubiri, na kusubiri kukala dakika zote. Hakuna aliyemchukia mtoto. Ila hakukuwa na mpango wa mabadiliko ulioandikwa kabla ya mechi, na bila mpango mtoto yule yule ndo anasubirishwa kila mara.

Baada ya kumpigia simu, meseji anayoandika iwe kama hii:

> Habari za jioni mama. Asante kwa kuniambia, na pole kwa kijana kurudi nyumbani analia, hilo limenigusa. Nimepitia daftari. Kwenye mechi nne amecheza dakika 58. Tukigawa sawa kwa watoto wote kila mmoja angepata kama 109. Kwa hiyo ni kweli amepata kidogo, na sio kwasababu ya nidhamu wala mazoezi, anakuja na anajituma. Tumekuwa tukichelewa kufanya mabadiliko mechi zikiwa ngumu na yeye ndo kaumia zaidi. Kuanzia mechi ijayo mabadiliko tunayapanga kabla ya kuanza. Jumamosi ataanza, na kwa mechi tano atapata robo tatu za mechi ili pengo lizibike. Baada ya hapo atakuwa na fungu sawa na wenzake. Mechi tatu zijazo zikiisha nitakutumia dakika zake uone. Kijana nitaongea naye mwenyewe mazoezini kesho.

Ona vitu ambavyo havimo. Hakuna jina la mtoto mwingine. Hakuna "lakini na wewe mama elewa". Hakuna ahadi ya namba ya kudumu, kuna ahadi ya dakika, ambayo ni kitu kinachopimika. Hizo mechi tano zimetoka wapi nimeeleza kwenye swali la kupanga mabadiliko.

Na kama daftari linaonyesha mtoto anapata fungu lake kamili?

Sema hivyo, kwa upole na kwa namba. "Baba, nimeangalia, mechi nne amecheza dakika 112, fungu la kila mtoto ni kama 109. Najua kumuona nje nusu ya mechi inauma, ila tuko 12 na nafasi ni saba, kila mtoto anatoka nje karibu nusu ya muda." Halafu muulize kama kuna jambo lingine mtoto anasema nyumbani. Hapa swali hilo ni la muhimu kweli, maana mara nyingi ndo lile suala la aina ya dakika, au mtoto hana rafiki kwenye timu, au kuna mtoto anamcheka. Usifunge mazungumzo kwa furaha kwamba hesabu imekutetea.

Maneno gani nisiyaandike kabisa?

"Mwanao bado hana kiwango." Hata kama unaamini hivyo, mtoto wa miaka 10 anayecheza dakika nane kwa wiki hapati kiwango, kwa hiyo unamlaumu kwa kitu unachomnyima. Sema kitu mahususi ambacho anakifanyia kazi: kupokea mpira akiwa ameangalia mbele, kurudi kukaba haraka mpira ukipotea. Hivyo mzazi anaweza kumsaidia.

"Namba 9 anafunga mabao, siwezi kumtoa." Ukimtaja mtoto mwingine umewagombanisha wazazi wawili, na watoto wawili.

"Kocha ni mimi." Anajua.

Na "nitajitahidi kumuingiza zaidi". Hili linaonekana la upole ila ndo linaloleta lalamiko la pili, kwasababu "zaidi" haina kipimo, wewe utampa dakika tano za ziada uone umetimiza na mzazi ataona hakuna kilichobadilika.

Niombe msamaha?

Ikiwa namba zinaonyesha mtoto kapunjwa, ndio, mara moja, wazi, halafu endelea na mpango. Ikiwa hazionyeshi, usiombe msamaha wa kumtuliza mtu tu, kwasababu kesho mzazi atauliza kama hukukosea ulikuwa unaomba msamaha wa nini. Unaweza kusema pole kwa mtoto kuumia moyo, hilo ni jambo tofauti na liko sahihi siku zote.

## Kutimiza ulichoahidi

Dakika nitazipanga vipi bila kuvuruga mechi?

Gawa mechi kwenye robo nne. Badilisha katikati ya kipindi cha kwanza, dakika ya 12 au 13 mpira ukitoka, badilisha mapumziko, badilisha katikati ya kipindi cha pili. Basi, vituo vitatu, hakuna mabadiliko mengine isipokuwa mtoto kaumia.

Robo nne mara nafasi 6 ni nafasi 24. Watoto 11 wakipata robo mbili kila mmoja umetumia 22, zinabaki 2. Kwa hiyo kila mechi watoto tisa wanacheza robo mbili, dakika 25, na wawili wanacheza robo tatu, kama dakika 37. Hao wawili unawazungusha kila mechi. Andika usiku wa kuamkia mechi, nyumbani, kichwa kikiwa baridi, ubandike kwenye daftari.

Kwa namba 14 wa mfano wetu, pengo lilikuwa dakika 51. Kila mechi akicheza robo tatu anapata kama dakika 10 juu ya fungu lake la 27. Kwa hiyo inachukua mechi tano pengo kuisha, na kwa mechi hizo tano moja ya zile nafasi mbili za ziada ni yake. Usijaribu kulifidia lote kwenye mechi moja kwa kumchezesha mwanzo mwisho. Anachoka, anakosea dakika za mwisho, na wazazi wengine wanaona leo wao ndo wameonewa.

Jambo moja la kisheria ambalo makocha wanauliza: mtoto aliyetoka anaruhusiwa kurudi? Sheria namba 3 ya mpira wa miguu inaruhusu mchezaji aliyetoka kurudi kwenye mechi za vijana na za ngazi ya chini kabisa, ila lazima shirikisho la nchi liwe limekubali. Kwa hiyo waulize waandaaji wa ligi yenu kabla, usije ukapanga robo ya kwanza na ya tatu halafu refa akakukatalia. Kama hairuhusiwi, panga robo za kufuatana: sita wanacheza robo mbili za kwanza, watano robo mbili za mwisho, na mmoja wa wale sita anabaki mechi nzima, huyo umzungushe kila mechi.

Mechi ni ngumu, tunaongoza bao moja, na mpango unasema nimtoe beki wangu bora. Nifanyeje?

Mtoe. Hapa ndo mpango wote unapopimwa, na ndo hapa lile pengo la dakika 51 lilipotokea. Ila unaweza kujisaidia usiku ule unapopanga: usiweke watoto wote wanaoanza kujifunza kwenye robo moja, wachanganye, hakikisha kila robo ina angalau mmoja anayeweza kutuliza mpira nyuma na mmoja wa katikati. Ukipanga hivyo robo ya mwisho haitakutisha.

Nitajuaje kwamba kweli imebadilika?

Usiangalie mechi moja. Chukua mechi tatu za mwisho, jumlisha kila mtoto, panga kuanzia mwenye nyingi mpaka mwenye chache. Kama mtoto wa mwisho yuko chini ya dakika 70 wakati fungu la mechi tatu ni 82, angalia ni kwa sababu gani. Na ukiona majina yale yale yako chini kila ukihesabu, usisubiri mzazi akuandikie, mpigie wewe.

## Hali zisizo za kawaida

Mtoto haji mazoezini, mzazi anataka dakika sawa na wanaokuja.

Unaweza kuwa na sheria kwamba asiyehudhuria anapunguziwa robo moja, ila iwe imesemwa mbele ya wazazi wote kabla ya msimu, na imhusu kila mtoto akiwemo mfungaji wako. Sheria inayokumbukwa siku ya lalamiko sio sheria.

Halafu uliza kwanini haji. Mtoto wa miaka 9 hajileti mwenyewe, analetwa. Kama mzazi anatoka kazini usiku, unamuadhibu mtoto kwa ratiba ya mtu mzima. Kabla ya kukata dakika tafuta mzazi jirani wa kumpitia.

Ni kipa wa pili. Hachezi kabisa kwasababu kipa ni mmoja.

Kipa wa pili ndiye mtoto anayepunjwa kuliko wote na hesabu ya juu haimuoni, maana tulimtoa kipa pembeni. Njia rahisi ni kila kipa kipindi kimoja golini, na kipindi kingine anacheza robo moja ndani. Dakika 25 golini na 12 uwanjani, tayari ana 37. Ukifanya hivyo fungu la wenzao linabadilika kidogo kwenye mechi hiyo, hesabu upya, usitumie 27 ile ile.

Mtoto mwenyewe hataki kuingia, mzazi hajui.

Inatokea sana. Kocha anasema "jiandae" mtoto anasema tumbo linauma. Ukimuacha mara mbili tatu dakika zinashuka na mzazi analalamika kwa haki yake. Usimseme mtoto kwa mzazi kama mshtaki ("yeye ndo anakataa"). Ongea na mtoto kwanza, pembeni, muulize ni nini kinamtisha. Mara nyingi ni kuingia katikati ya mechi moto, kila mtu anapiga kelele. Muanzishe badala ya kumuingiza. Mzazi mwambie kile mlichokubaliana na mtoto, na umwombe asipige kelele za maelekezo kutoka pembeni kwa mechi hizo.

Karudi kutoka kuumia.

Hapo dakika chache ni sahihi, lakini mzazi ajue kabla ya mechi: robo moja wiki hii, mbili wiki ijayo, kwa kadiri daktari alivyoruhusu. Mechi alizokuwa mgonjwa usizihesabu kwenye fungu lake.

Vijana wangu wana miaka 16 na tunagombea ubingwa. Bado nigawe sawa?

Timu ya ushindani ya umri huo haigawi sawa na sio dhambi, kijana anagombea namba. Lakini mzazi na kijana walipaswa kuambiwa hivyo siku ya usajili, pamoja na kiwango cha chini ambacho hakitashuka, kwa mfano kila kijana aliyevaa jezi anacheza walau robo moja, na mechi za kirafiki kwa wale wanaocheza kidogo. Jibu lako kwa mzazi hapo halizungumzii fungu la 27, linazungumzia hicho kiwango cha chini kama kimetimizwa, na nini hasa kijana afanye ili apate namba. Ongea na kijana kwanza, mzazi baadaye, ikiwezekana kijana akiwepo. Umri huu wengi hawataki kabisa mzazi awasemee.

Mzazi mwenye lalamiko ndiye anayenunua jezi na mipira ya timu.

Daftari halina safu ya nani kanunua nini. Mpe namba za mtoto wake na fungu, kama mzazi mwingine yeyote. Ukimuongezea mtoto huyo robo moja kwasababu ya jezi, hiyo robo imetoka kwa mtoto mwingine ambaye mzazi wake hana cha kununua, na watoto wote wanajua, tena wanajua kabla yako.

Anatishia kumhamisha mtoto timu nyingine.

Usimbembeleze na usimwambie aende. Mpe namba, mpe mpango na tarehe ya kuangalia tena. Kama timu ina watoto 16 na ile nyingine ina 9, mwambie kweli kwamba huko atacheza zaidi, na mtoto akitaka kwenda mkabidhi kadi zake bila kinyongo na umuage mbele ya wenzake. Akibaki, mpango ule ule unaendelea, na dakika zake unamtumia mzazi siku uliyosema.